Malalamiko kuhusu cheti cha stempu ya senti 3

Kwa Meneja wa Tathmini,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe nimeikusanya kwa taabu tangu Jumanne.

Cheti chenu kinasema stempu yangu ya Marekani, ile ya zambarau yenye kichwa cha Washington, ni ya 1916: meno 10, karatasi isiyo na alama ya maji. Meno mlihesabu sawasawa, 10 kwa kila sentimita 2. Uchapaji nao mlipatia: ni bamba la kuchongwa, wino umeinuka. Lakini toleo la 1914 nalo lina meno 10 na limechapwa vivyo hivyo. Kinachoyatenganisha ni alama ya maji, na lisilo nayo ndilo ghali. Nikanunua kwa bei ya 1916, kwa kuwaamini ninyi.

Alama hiyo ni herufi USPS za mstari mmoja, zilizotawanywa kwenye shiti nzima. Stempu moja huweza kuambulia kipande tu cha herufi, tena pembeni kabisa. Ninyi mlitoa hukumu kwa picha ya mgongo iliyopigwa chini ya taa. Alama isipoonekana pichani, ndiyo haipo?

Jumanne nikampigia mtaalamu wenu simu ya video. Nilikuwa nimeilaza stempu kifudifudi kwenye trei nyeusi, nikaimwagia benzini. Kwenye kona ya chini kikajitokeza kipinde cha herufi S, cheusi kuliko karatasi. Akasema, “Hicho ni kivuli,” akakata simu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia mara tatu. Jibu nililopata ni moja: “Cheti hakibadilishwi.”

Narudia, maana huenda hamjaelewa. Niliizungusha trei mbele ya kamera. Kivuli kingehama juu ya stempu, lakini kile kipinde kiligeuka pamoja nayo. Benzini ilipokauka kikapotea, nikamwaga tena, kikarudi palepale. Kovu la gundi la bawaba ya kubandikia albamuni lilikuwa katikati, mbali nacho, kwa hiyo hata kisingizio hicho hakipo. Mtu mzima anaonyeshwa herufi, anasema, “Hicho ni kivuli,” na kunikatia simu kama mtoto anayesumbua!

Nilikusudia kudai ada yangu ya tathmini tu. Sasa naidai ada, cheti kipya kinachosema 1914, na tofauti ya bei niliyolipa. Pia kila cheti mnachotoa kwa picha kiandikwe wazi kwamba alama ya maji haikupimwa.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, video ninayo, nimeirekodi yote, na sauti ya mtaalamu wenu inasikika vizuri. Wakusanyaji wenzangu wataiona kwanza, kisha wakili wangu.

Wenu katika kusubiri,
Mteja mliyemkatia simu