Kikao cha harusi: namna ya kuandika saa na tarehe

Ndugu zangu, salaam. Jana niliandika "kikao 05/06 saa 2". Dada yetu wa Minnesota kasoma 6 Mei saa nane mchana, nami nilimaanisha 5 Juni saa mbili usiku. Mniwie radhi.

Kuanzia leo tuandike hivi: Ijumaa, 5 Juni 2026, 20:00 saa za Dar (Maskati 21:00, Minnesota 12:00).

Saa zetu za mchana ongeza 6, za usiku ongeza 18: saa mbili usiku, 2 + 18 = 20:00. Ila jumla ikifika 24 au kuzidi, toa 24 na tarehe igeuke. Saa nane usiku ni 02:00 ya siku inayofuata.

Michango nayo: Sh 150,000, si "150" tupu.