Kalsiamu Imetoka Sawa, Sasa PTH ya Nini?

"Mnatukamua tu." Lawama hii haiishi hapa maabara. Mteja anaumwa mifupa, amepima kalsiamu ya damu, imesomeka sawa. Kisha daktari wake anaandika vipimo vya homoni ya PTH, vitamini D na figo, bili inapanda, naye anatoka akiamini ameibiwa.

Kalsiamu ya damu inaweza kusomeka sawa huku mifupa ikiliwa. Mwili haukubali ishuke, kwa kuwa moyo, misuli na mishipa ya fahamu vinaitegemea. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kwa kawaida kuna tezi nne ndogo za parathairoidi. Kalsiamu ikipungua kidogo tu, zinamwaga homoni ya PTH. Homoni hiyo inachota kalsiamu kwenye mifupa, ilikowekwa asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili. Inaifanya figo irudishe kalsiamu iliyokuwa ikienda na mkojo na kuachia fosfeti itoke. Vilevile figo inakamilisha vitamini D, ndipo utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikirudi mahali pake, PTH inashuka.

Kuna mama muuza duka, hatoki dukani mpaka giza, aliyemeza vidonge vya kalsiamu kwa miezi na kurudia kipimo cha kalsiamu peke yake ili kuokoa hela. Kila mara ilikuwa sawa, ya mwisho 2.24 mmol/L. Daktari alipoagiza vyote, PTH ilikuwa 15 pmol/L, zaidi ya maradufu ya kikomo chetu cha 6.9. Vitamini D ilikuwa 21 nmol/L, chini mno, na fosfeti nayo imeshuka. Kreatinini ilikuwa nzuri, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuishuku figo. Figo iliyochoka nayo hupandisha PTH, ndiyo maana tunaipima. Vile vidonge vilipita tu: vitamini D ikikosekana, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 ya kalsiamu unayomeza. Hela za vipimo alivyorudia zingelipia seti nzima na chenji ikabaki.

Wengine hutuletea damu iliyotolewa kwingine, kichupa kimoja cha kifuniko cha zambarau, wakitaka tupime yote humo. PTH sawa, tutaipima. Kalsiamu hapana, kwa kuwa EDTA, dawa iliyomo ya kuzuia damu isigande, huishika isionekane. Tuliwahi kuletewa majibu ya namna hiyo: kalsiamu 0.5 na potasiamu 14, viwango vya kuua, kwa mtu aliyeingia akitembea mwenyewe! Tulimtoa damu upya, vichupa viwili, na bei yetu inahesabu vyote.

Yule mama alipewa vitamini D na daktari wake. Miezi mitatu baadaye PTH ilikuwa 6.1 na maumivu yamepungua. Kalsiamu ilisomeka 2.29.