Kwa mdogo wangu anayetaka kununua perimi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa stesheni ya Kolwezi, nikingoja konvoyere amalize kufunga mizigo. Umesema kuna mtu huko Lubumbashi atakutolea perimi ya kuendesha kwa siku 3 bila kuketi darasani, na unaniomba nikuongezee pesa. Usukani unaujua tayari, ukasema, na hayo ya ubaoni ni ya watoto wa shule. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu wenzako wa Katuba nao wameniuliza hivyohivyo.

Nikuhadithie usiku mmoja wa Septemba. Mvua ilikuwa haijaanza, lami kavu, vumbi na moshi wa vichaka vilivyochomwa vimetanda kila mahali. Tulitoka Kolwezi saa 1 jioni, basi limejaa, makala juu, kuku chini ya viti. Tulipoipita Fungurume kuelekea Likasi abiria wengi walikuwa wamelala. Mimi niko kwenye 80, taa ndefu zimewaka, njia naiona vizuri hadi mbali.

Mbele ikatokea kamyo, nayo taa ndefu. Nikashusha zangu, nikamwashia mara mbili ashushe na yeye. Hakushusha. Unawajua.

Hapo ndipo ubao ukanirudia.

Mwalimu wetu wa teoria alikuwa mzee aliyeendesha malori ya mgodi ujana wake wote. Siku moja alitutoa darasani, akatandaza kamba uani yenye vifundo viwili. Kifundo cha kwanza kilikuwa kwenye mita 30: hapo ndipo taa fupi zinapofika. Cha pili kwenye mita 64. Ukitaka kujua gari litasimama wapi, alisema, chukua makumi ya mwendo wako uyazidishe yenyewe kwa yenyewe. Ukiwa kwenye 80, ni 8 mara 8, yaani 64. Na ndani ya hizo 64, mita 24 zinakwisha kabla mguu wako haujafika kwenye breki, kwa sababu jicho linaona, kichwa kinaelewa, ndipo mguu unahama. Ni 8 mara 3. Njia ikilowa, kipande cha breki kinaongezeka maradufu. Kisha akasimama kwenye kifundo cha mita 30, akatuangalia mmoja mmoja.

“Macho yako inaona 30. Motokari yako inaomba 64. Ile 34 ingine utaitosha wapi?”

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa fikiria nilipokuwa usiku ule. Kwa taa ndefu naona mita 100, hesabu ya mzee inaomba 64, inakubali. Lakini mara tu nilipobonyeza kushusha taa, zile 100 zikawa 30, na mwendo ukabaki 80. Mkono umeshusha taa, mguu umesahau. Kila shofere wa usiku anafanya hivyo mara hamsini kwa safari moja na hajui kwamba kwa sekunde kadhaa anaendesha kipofu. Ongeza mwanga wa yule wa mbele: ukishakupiga machoni, giza linalofuata ni zito kuliko giza la kawaida mpaka macho yarudi, na kioo chenye vumbi kinautawanya mwanga huo wote usoni mwako.

Basi nikatoa mguu kwenye mafuta. Hakukuwa na kitu chochote mbele, naomba ulielewe hilo. Nilikuwa sijaona chochote. Nikagusa breki, nikarudisha gia, nikaacha kuzitazama taa zake, nikashika ukingo wa kulia wa lami kwa macho. Mshale ukashuka 60, 50, 40. Nyuma papa mmoja akaamka, akanung'unika: “Shofere, tunalala hapa?”

Kamyo ikatupita kwa kishindo. Kukawa giza. Kisha kwenye lami nikaona majani, matawi mawili mabichi, na nyuma ya matawi ukuta.

Nilikanyaga kwa mwili mzima. Vyombo vya mama mmoja vikamwagika hadi kwenye gia, kuku wakapiga kelele, mtu akamwita Yesu. Tukasimama.

Nilipopata miguu ya kushuka, nilihesabu. Toka pua ya basi hadi ule ukuta, yaani mkia wa kamyo nyingine iliyoharibika, hatua 9. Ilikuwa imebeba sahani za shaba chini ya turubai, ekseli imekatika, betri imekufa, haina taa hata moja. Shofere wake alikuwa ameweka matawi kama tufanyavyo sote, lakini hatua 10 tu nyuma ya gari, na moja lilikuwa tayari chini ya bampa yangu. Tawi bichi halirudishi mwanga. Linaonekana pale tu taa zako zinapolifikia, na wakati huo umeshachelewa. Pembetatu ya kung'aa ikiwekwa mita 30 nyuma ingeniita toka mbali.

Konvoyere wangu alichukua kitambaa akakilowesha kwa maji ya kunywa, akafuta nyuma ya ile kamyo, pale kwenye vile vioo vyekundu. Vumbi lilikuwa nene kama unga wa muhogo. Alipofuta kimoja, taa zetu zikakiwasha kikawa kama jicho la paka. Akafuta cha pili. Kumbe vilikuwepo muda wote.

Nikakaa kwenye ngazi ya basi nikapiga hesabu ya mzee. Kwenye 40 ni 4 mara 4, mita 16. Hiyo ni hesabu ya gari dogo. Basi letu lina breki za upepo, na upepo unachukua kama nusu sekunde kufika magurudumuni, kwa hiyo ongeza kama mita 6. Ni 22. Ukuta niliuona kwenye 30 hivi. Ndizo zile hatua 9.

Halafu nikapiga ya 80. Mita 24 za mguu, na 11 za upepo, jumla 35. Unaona? Ukuta uko kwenye 30. Ningeigonga ile shaba kabla breki hazijaanza kushika hata kidogo, mwendo ukiwa 80 kamili. Na usiniambie ningekwepa kushoto. Nyuma ya ile iliyotupita zilikuwa zinakuja nyingine 3.

Toka siku hiyo nina kipimo. Nikishusha taa, nachagua shimo au jiwe pale linapoanza kuonekana, nahesabu polepole sekunde 2 na nusu. Likifika chini ya bampa kabla sijamaliza, naenda kasi mno. Kwenye 40 linanipa hizo 2 na nusu, na kidogo zaidi. Abiria wananung'unika, na tajiri wa basi ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kwa nini Kolwezi–Lubumbashi inanichukua muda mrefu hivi. Anikate mshahara.

Pesa uliyoomba ninayo, ila haiendi kwa yule mtu wako. Jumamosi nitakuwa Lubumbashi hadi saa 10 jioni. Njoo, na ubebe ile kamba ya mama ya kuanikia nguo, ndefu ile, kabla hajaamka. Uwanja wa nyuma ya kanisa unatosha mita 64. Nilishaupima kwa miguu.

Yaya wako