Matone ya sikio la Nasri

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi, na za huko? Sisi wazima, mama amerudi salama na anakusalimu. Mengine nitakuandikia baadaye, maana ujumbe wako wa jana usiku umenikosesha usingizi. Eti Nasri alitiwa dawa ya sikio, akapiga kelele, akasimama anapepesuka, mwishowe akatapika. Na Bi Mwana anasema dawa imemkataa!

Sidhani. Umesema ulimtia dawa papo hapo ilipotoka kwenye friji. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji yanayotupa mizani ya mwili. Dawa ya baridi ikiingia, majimaji yale husogea, ubongo ukadhani kichwa kinazunguka. Ndiyo kizunguzungu, ndiyo matapishi. Kwa kawaida hupita baada ya muda mfupi. Kisipopita, au kikimrudia hata dawa ikiwa vuguvugu, usimtie tena mpaka aonwe.

Kwa hiyo kabla ya kumtia, ishike chupa kiganjani dakika mbili tatu, ukiibingirisha. Basi, hakuna zaidi. Usiiweke kwenye maji yanayochemka wala karibu na jiko, kwani dawa ya moto nayo huleta kizunguzungu na huweza kuunguza. Jidondoshee tone moja kwenye kifundo cha mkono: usihisi baridi wala moto. Halafu soma lebo, dawa nyingi za sikio hazihitaji friji kabisa.

Sasa kumtia kwenyewe. Nawa mikono, futa usaha ulioko nje kwa kitambaa safi, wala usiingize pamba ya kijiti ndani. Mlaze ubavu, sikio bovu juu. Kwa kuwa ana miaka miwili, vuta sikio lake taratibu kwenda chini na nyuma. Salha aliyetimiza saba ungemvuta kwenda juu na nyuma. Hivyo njia hunyooka. Dondosha idadi uliyoandikiwa, na uielekeze kwenye ukuta wa tundu, si katikati, ili hewa ipate pa kutokea. Ncha ya chupa isiguse sikio, la sivyo vijidudu vitahamia kwenye dawa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, Zuhura. Tone hukaa mlangoni juu ya povu la hewa, mtoto akiinuka linamwagika shingoni, na mama anasema dawa haifanyi kazi. Bonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, mara nne tano, polepole, ili dawa isukumwe ndani. Kisha alale hivyo hivyo dakika tano. Mwimbie, msimulie, fanya lolote, lakini asiinuke. Ukitaka kuweka pamba, iwe mlangoni tu, maana ukiishindilia itainywa dawa yote.

Ila nina wasiwasi na huo usaha. Umesema alilia usiku kucha, ghafla akanyamaza, asubuhi mto umelowa. Hiyo mara nyingi ni ngoma ya sikio iliyopasuka: msukumo umepungua, maumivu yakatulia, lakini ugonjwa haujaisha. Na ngoma ikiwa na tundu, baadhi ya matone, kama ya gentamaisini, yanaweza kudhuru usikivu. Kwa hiyo kama dawa hiyo ni ile aliyobakiza Salha, iache kabisa. Mpeleke leo achunguzwe sikio kwa taa, waseme wenyewe ipi inamfaa. Maji ya kuoga yasimwingie mpaka hapo.

Hata akiandikiwa dawa, mrudishe kama maumivu hayajapungua baada ya siku mbili tatu, au kama usaha unaendelea. Sikio linalotoa usaha wiki mbili au zaidi si la kuvumilia. Tundu likivimba hadi kuziba, matone hayapiti, daktari ndiye atakayejua la kufanya. Na usingoje hata saa moja ukiona uvimbe nyuma ya sikio au sikio limesukumwa mbele, uso umepinda upande mmoja, shingo imekaza, homa kali, au amelegea.

Sasa niambie: dawa imeandikwaje kwenye lebo, na ilifunguliwa lini? Aliandikiwa na nani, na huyo mtu aliangalia ndani ya sikio? Usaha una damu au harufu? Ana homa? Anageuka ukimwita kwa nyuma? Na Salha sikio lake lilipona kweli, au mliacha dawa alipoacha kulia?

Nijibu mkishatoka hospitali, hata kama ni usiku. Simu naiacha wazi.

Wako,
Rehema