Kwa watahiniwa wa Hisabati wa Mombasa

Wanangu wa kidato cha nne, kuanzia Likoni hadi Kisauni, Changamwe hadi Mji wa Kale, asalaam alaykum.

Tangu utotoni mmesikia ikisemwa kwamba mtu wa Pwani ni mvivu na masomo hayamshughulishi. Wasichana mmeongezewa na jingine, kwamba hesabu ni za wavulana. Najua wengi wenu hamyaamini maneno hayo. Lakini ili yakudhuru si lazima uyaamini. Yatosha ujue kwamba wapo wanaoyaamini, na kwamba ukianguka utakuwa umewapa ushahidi. Mwanafunzi asiyejali alama hana hofu hiyo. Humshika anayejali.

Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha majaribio waliyofanya katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako watu weusi husingiziwa kuwa na akili ndogo. Wanafunzi weusi na weupe walipewa maswali magumu ya lugha, ya dakika 30. Baadhi yao waliambiwa kuwa mtihani unapima uwezo wa akili zao. Wengine walipewa maswali yaleyale, ila wakaambiwa kuwa ni zoezi tu la kuchunguza jinsi watu wanavyotatua maswali. Alama zilipolinganishwa, kwa kuzingatia pia matokeo waliyokuja nayo chuoni, wanafunzi weusi walioambiwa wanapimwa akili walishuka chini ya weupe. Walioambiwa ni zoezi tu walikuwa karibu sawa na wenzao. Na walioshuka hawakuwa wamekata tamaa. Walitumia muda mrefu zaidi kwa kila swali, wakamaliza machache, na wakakosea zaidi. Kwa hiyo anayeitwa mvivu anaweza kuwa anaanguka kwa kujikaza kupita kiasi.

Sababu yake ni hii. Unapokokotoa, kuna sehemu ya akili inayoshika namba na alama ukiwa bado unazifanyia kazi, na nafasi yake ni ndogo. Wasiwasi nao ni maneno unayojisemea kimoyomoyo: "Nikikosa hili watasema nini?" Maneno hayo yanakaa katika nafasi ileile. Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wanawake waliokumbushwa dhana kuwa wanaume ndio hodari wa hesabu walikosea hasa hesabu ngumu zilizoandikwa kwa mstari mmoja wa kulala, ambazo mtu huzifuata kwa kujisemea. Zilipopangwa kwa wima hazikuathirika vile.

Tuchukue swali mnalolijua: rahisisha (2x − 3)² − (x + 4)(x − 1). Sehemu ya kwanza ni 4x² − 12x + 9, ya pili ni x² + 3x − 4. Mtahiniwa mwenye wasiwasi huona njia ndefu, akaruka hatua na kutoa kichwani. Alama ya kutoa inagusa x² peke yake, mabano yanasahaulika, naye anaandika 3x² − 9x + 5. Jibu sahihi ni 3x² − 15x + 13. Halafu hana imani na jibu lake, anarudi kusoma swali mara ya tatu, na saa inakwenda.

Utajuaje kama ni hofu? Lifanye swali hilohilo nyumbani, umetulia, bila kuangalia majibu. Ukilipata, basi chumba cha mtihani ndicho kilichokunyang'anya. Ukilikosa tena, tatizo ni mabano na alama, ukamwone mwalimu. Msilichanganye hilo, wala msiifanye hofu kuwa kisingizio cha kutosoma. Tena si kila mtihani wala kila mtu anayeathirika: utafiti mkubwa wa Uholanzi wa mwaka 2018, uliohusisha wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, haukuona wasichana wakishuka katika hesabu kwa sababu hii.

Basi fanyeni hivi. Andikeni mabano kwenye karatasi hata mnapoona hayana haja, na kila hatua iwe chini ya iliyotangulia, ili karatasi ishike kile ambacho kichwa kimelemewa nacho. Aina za maswali yanayojirudia zifanyeni mpaka hatua zije zenyewe. Katika utafiti huohuo wa Beilock, hesabu zilizozoeleka sana hazikuharibiwa na wasiwasi. Swali likikurudisha mwanzo mara mbili, liwekee alama, nenda lingine, ulirudie baadaye.

Nanyi walimu wenzangu na wazazi, ile hotuba ya asubuhi ya mtihani, "Waonyesheni wa bara kwamba Pwani nako kuna vichwa," iacheni. Mnaitoa kwa mapenzi, lakini inamtwika mtoto jina la Pwani nzima dakika chache kabla ya kufungua karatasi. Mwambieni aangalie nambari yake ya mtihani, kalamu na rula yake, kisha mwacheni aingie.

Ni mimi, mwalimu wenu mstaafu wa Hisabati