Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tufungulie mlango tukaoshe mtambo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa maombi tuliyokuletea kupitia kwa msimamizi wa zamu hayajajibiwa, na siku zinazidi kupita huku mtambo ukiwa umefungiwa na wino mbichi ndani yake. Usiku wa toleo la mwisho la gazeti la karatasi, umeme ulikatwa mara tu nakala ya mwisho ilipokunjwa. Mzee, fundi wetu mkuu, aliomba muda wa kuosha rola, akajibiwa kwamba mtambo usiochapisha tena hauna haja ya kuoshwa. Mimi ni mwanagenzi wake, na naomba unisikilize nieleze kwa nini jibu hilo si sahihi.

Mapema usiku ule, nakala zilipoanza kutoka, ulijitokeza utando wa kijivu kwenye ukurasa wa mbele, ukanda wenye upana wa kiganja uliofuata mwendo wa karatasi na kuchafua sehemu zilizopaswa kubaki nyeupe. Nilimwuliza Mzee kama niongeze maji. Alinitaka kwanza nitazame umbo la uchafu wenyewe. Katika uchapaji wa ofseti, kwenye pleti, yaani bamba linalobeba sura ya ukurasa, sehemu yenye maandishi na ile iliyo tupu ziko usawa mmoja, na kinachozuia wino usishike sehemu tupu ni utando mwembamba wa maji. Utando wa kijivu ukienea ukurasa mzima, alisema, shuku mchanganyiko wa maji au kiasi chake, lakini ukiwa ukanda mmoja unaokwenda na karatasi, maji yanakosekana mahali pamoja tu. Ukiongeza maji kote, kurasa nyingine zitapauka, na wino utayameza maji hadi upoteze nguvu yake.

Alipunguza mwendo, akaipata nozeli ya kunyunyizia iliyokuwa sambamba na ukanda ule, akaichomoa. Tundu lake lilikuwa limezibwa na vumbi la karatasi lililogandamana na masalia ya maji ya mtambo. Aliiosha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, akairudisha, na nakala zilizofuata zikaanza kutakata. Kisha akaweka lenzi juu ya alama za kulinganisha rangi, akasogea pembeni, akaniambia, “Sasa endesha wewe, mwanangu.” Nikaendesha hadi mwisho.

Mheshimiwa, barua yangu ya kupokelewa ilitoka ofisini kwako. Inasema nitafundishwa mpaka niweze kuendesha mtambo peke yangu kwa zamu nzima, na kwamba Mzee ndiye atakayethibitisha. Katika mkutano wa wafanyakazi ulituahidi kwa kinywa chako kwamba gazeti likihamia kwenye simu, mtambo utatunzwa ili upokee kazi nyingine za uchapaji. Nilikuamini, na kwa ahadi hiyo niliacha kibarua kilichokuwa kikinilisha.

Pengine aliyekata umeme alikuwa anaokoa gharama, au pengine hakuna aliyemweleza kinachotokea baada ya hapo. Wino wa magazeti haukaushwi kwa joto, bali hunywewa na karatasi. Kwenye rola hakuna karatasi ya kuunywa, kwa hiyo hubaki ukinata kwa muda, na hiyo ndiyo bahati pekee tuliyo nayo. Muda huo ukipita, utaganda pamoja na vumbi na kuwa gamba lisilotoka kwa urahisi hata kwa dawa ya kuoshea. Rola za mpira nazo zimeachwa zikiwa zimebanana, na zikikaa hivyo muda mrefu hubonyea mahali zinapogusana, na siku ya kuwashwa zitaacha mistari inayokatiza ukurasa. Maji yaliyobaki kwenye trei yanaleta kutu kwenye silinda. Pleti hatuzililii, kwa kuwa zilikuwa za toleo moja tu. Rola na silinda ndizo mtambo wenyewe, na zikiharibika, ahadi yako ya kupokea kazi nyingine haitakuwa na chombo cha kuitimiza.

Ninachoomba ni usiku mmoja. Turudishiwe umeme ili mtambo uzunguke polepole tukiuosha, tumwage maji ya trei, tufute silinda na kuzipaka mafuta kidogo, kisha tuachanishe rola. Dawa na vitambaa vimo stoo, na hatudai malipo ya ziada. Mkataba wa Mzee unaisha mwisho wa mwezi huu, na baada ya hapo hatakuwapo mtu wa kunionyesha kazi hii wala wa kuitia sahihi. Tafadhali, Mheshimiwa, mwagize mlinzi atufungulie wiki hii.

Wako mtiifu,
Mwanagenzi, zamu ya usiku