Barua Isiyokuwa na Wasalaam

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku ulitufikia nusu. "Baba, nimeamua," basi. Nikakupigia, simu imezimwa. Mama yako akasema umeamua kuacha chuo. Mimi nikasema umeamua kuolewa. Hadi adhana ya alfajiri tulikuwa tumeshagombana kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hujalisema, na mama yako alikuwa ameshaanza kuhesabu wageni. Ndipo nikaikumbuka barua iliyo ndani ya kasha la bibi yangu, ile uliyoniuliza siku moja kwa nini imefungwa kitambaa nikakujibu ovyo kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi. Aliondoka Bandari ya Kale hapa Mombasa kusi ikiwa imeshalegea, wamepakia boriti za mikoko, korija kwa korija, kila korija boriti ishirini. Walikuwa wakienda Suri, Omani. Desturi ilikuwa wanaopanda na kusi warudi na kaskazi, kuanzia Disemba, jahazi zinapoteremka na tende, chumvi na papa mkavu ambaye harufu yake, alivyokuwa akisema bibi, hufika Kibokoni kabla ya tanga kuonekana. Kaskazi ikavuma, jahazi zikaingia, babu hayumo. Akaja nahodha mmoja na barua.

Karatasi zilitakiwa kuwa tatu. Zilifika mbili. Bahasha haikuwepo, ulikuwa unaandika upande mmoja wa karatasi, unazipanga, unazikunja pamoja, na mgongoni mwa ile ya mwisho, inayobaki nje, unaandika jina la anayepelekewa. Kwa hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba jasho la mikono na maji ya chumvi, tena ndiyo inayochakaa mikunjoni. Mahali fulani baharini ikalowa, ikachanika, ikaenda. Nahodha aliijua nyumba kwa kukumbuka tu.

Bibi alijuaje kuwa kuna iliyopotea? Kwanza, barua ilianza inavyotakiwa, "Ila janabi", salamu ndefu, kisha "wa baadu" na habari zenyewe, lakini mwisho hapakuwa na wasalaam, wala tarehe, wala "ameandika fulani kwa mkono wake". Hata leo hatujui mwaka, maana mwaka ulikuwa kwenye karatasi iliyopotea. Pili, na hili ndilo lililoleta balaa, chini kabisa ya karatasi ya pili, pembeni kushoto, kuna neno moja limekaa mshazari peke yake. Babu alifundishwa na wanukuu wa vitabu, na wao hawaandiki namba za kurasa. Neno la kwanza la ukurasa ujao hulitanguliza chini ya ukurasa huu, ili karatasi zikichanganyika ujue ipi inafuata ipi. Yaani ukurasa ulipotea, lakini neno lake la kwanza likabaki.

Karatasi ya pili inakwishia hivi: "na mimi katika mji huu nimekaa salama, ila nakupa habari moja usishtuke kwayo". Halafu lile neno: نِمِئُوَ.

Shemeji yake, yaani kaka wa bibi, ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti barazani. Akasoma, "Nimeoa." Wanawake waliokuwa ukumbini wakanyamaza. Bibi akatoka, akaichukua karatasi mkononi mwa kaka yake, akaweka kidole chini ya neno, akasoma herufi moja moja kama mtoto wa chuoni. Akasema, "Nimeua."

Wote wawili walikuwa sahihi. Wewe umezoea herufi za Kizungu zenye vokali tano. Zile za Kiarabu zina irabu tatu tu, na wazee wetu walizibebesha tano zetu: kasra ni "i" na ni "e", damma ni "u" na ni "o". Kwa kawaida haina shida, sentensi yenyewe inakuonyesha njia. Ukiona "nimekula wali" huwezi kukosea. Lakini neno likibaki peke yake bila kinacholifuata, kuoa na kuua ni kitu kimoja, nukta kwa nukta.

Kaka yake akamwambia, "Dada, heri kuoa. Kuua ni damu." Bibi akasema heri damu.

Mwaka mzima akaishi na mauaji yale. Mwanzoni aliamini mumewe ameua mtu, katika ugomvi wa bandarini, na akawa anaamka usiku kumwombea. Baadaye mtu akageuka nyoka, kwa sababu mtu alikuwa mzito mno. Nyoka naye hakudumu. Nyoka hamfanyi mtu aseme "usishtuke". Mwishowe akatulia kwenye papa. Baharia amejitupa majini kuosha ubavu wa jahazi, papa kamshika mguu, babu karuka na kisu. Alikisimulia kisa hicho kwa majirani mara nyingi hata watoto wa mtaa wakawa wanajua upande gani wa mguu uliong'atwa. Wa kulia.

Kaskazi iliyofuata babu akarudi. Akashuka na makanda mawili ya tende na kovu mkononi, akala, akalala. Bibi hakumuuliza. Nilimuuliza mimi, nikiwa kijana, kwa nini hakuuliza, akaniambia, "Alikuta nimeshajibiwa." Babu naye, kwa ninavyomjua kwa kusimuliwa, hakuwa mtu wa kujieleza asipoulizwa. Huko nyuma nilimwona bibi mjinga. Siku hizi sioni hivyo, ila mama yako bado anasema alikuwa anajidanganya, na wewe utaamua upo upande gani.

Sasa nikupe jambo ambalo sijampa mtu. Mwezi uliopita nililifungua kasha kutoa mchwa. Nikaigeuza karatasi ya pili, mgongoni, upande usioandikwa, nikaona madoa. Niliyadhani ukungu. Nilipolaza tochi ya simu ubavuni, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la jioni, nikaona ni mistari. Karatasi ya tatu ilipolowa, wino wake ulijipiga chapa mgongoni mwa ya pili. Wino ule ni wa masizi na utomvu. Haung'ati karatasi, unakaa juu tu, ukipata maji unahama. Chapa iko kinyume, kushoto kulia. Nikachukua kioo cha mama yako cha wanja.

Karibu yote imefutika. Neno moja tu linasomeka, mstari wa kwanza, si mbali na mwanzo: بَابَ.

Usicheke. Waliosoma vizuri walitia nukta tatu chini ya "p" ili itofautiane na "b". Babu hakutia; kwenye karatasi mbili zote ameandika "p" kwa nukta moja, nimekagua, hata "pwani" kaiandika "bwani". Basi linaweza kuwa papa, na bibi alipatia tangu zamani. Au ni baba, "baba yake ameniridhia" au kitu cha namna hiyo, na una jamaa huko Suri wenye pua kama yako.

Nimeirudisha karatasi kitambaani. Kioo nimekirudisha pia, kabla hakijaulizwa.

Barua hii ina karatasi mbili na nimezitia namba. Washa simu, umalizie ile sentensi; mama yako ameshafika kwenye kuchagua leso.

Wasalaam. Ameandika kwa mkono wake baba yako, wala usinisome papa.